Ukutamoto na antivirusi: hesabu ya nani huzuia nini

Tarehe 11 Agosti 2003, watu wenye kompyuta za Windows XP majumbani walianza kuona kisanduku katikati ya skrini kikiwaambia kwamba kompyuta inazimwa, na ndani yake saa ikihesabu kurudi nyuma kuanzia sekunde 60. Hawakuwa wamefungua barua pepe yoyote wala kupakua kitu. Kosa lao lilikuwa kuunganisha modemu tu. Sekunde zikiisha, kompyuta hujizima na kuwaka upya. Wakirudi mtandaoni, baada ya muda kisanduku kile kile hujitokeza tena.

Wengi walikimbilia antivirusi, wakaichunguza diski nzima. Kuna walioambiwa kompyuta yao ni safi, na antivirusi haikuwa imewadanganya: kwenye diski hapakuwa na virusi. Kisa hiki, cha mdudu wa kompyuta aitwaye Blaster, ndicho kinachoonyesha vizuri kuliko vyote kazi ya ukutamoto inaishia wapi na ya antivirusi inaanzia wapi. Ni cha zamani, lakini mipaka aliyoionyesha mdudu huyo haijasogea.

Kila kompyuta iliyo kwenye mtandao ina poti 65,536, zenye namba kuanzia 0 hadi 65535. Poti ni namba inayoambatana na anwani ya kompyuta ili ujumbe unaoingia ujue unakwenda kwa programu gani. Nyingi hazina programu yoyote inayosikiliza, kwa hiyo anayezibishia hodi hapati kitu. Lakini Windows XP ilikuwa na huduma iitwayo RPC iliyosikiliza kwenye poti ya 135, na huduma hiyo ilikuwa na kasoro: ukiitumia ombi lililoundwa kwa namna fulani, inatekeleza amri za mtumaji. Microsoft ilitoa kiraka cha kasoro hiyo tarehe 16 Julai 2003. Blaster alitokea siku 26 baadaye.

Mdudu huyo alifanya kazi kwa hatua. Alituma ombi lake baya kwenye poti ya 135. Likifaulu, alifunguliwa njia ya kutoa amri kupitia poti ya 4444, kisha akaiamuru kompyuta ijiletee yenyewe faili la `msblast.exe`, lenye baiti 6,176 tu. Shida yake ilikuwa moja: hakujua kama aliyembishia hodi anatumia Windows XP au Windows 2000, na ombi linalofaa kwa moja halifai kwa nyingine. Akawa anabahatisha, asilimia 80 XP na asilimia 20 Windows 2000. Akikosea, huduma ya RPC huanguka, na Windows XP ikiikosa RPC hujizima baada ya sekunde 60. Ndiyo maana kompyuta iliweza kuzimwa mara kwa mara bila faili hata moja la mdudu kuifikia diski. Shambulio lilikuwa likipita kwenye waya na kuishia kwenye kumbukumbu ya muda. Antivirusi inayochunguza mafaili haina faili la kuchunguza hapo.

Tuangalie sasa ugumu wa kujiokoa. Modemu ya simu ya mezani ya wakati ule, ikienda kwa kasi yake yote, ilibeba biti 56,000 kwa sekunde. Katika sekunde 60 inaleta baiti 420,000, yaani chini ya nusu ya megabaiti. Kiraka chenye ukubwa wa megabaiti 1 kinahitaji takriban sekunde 143. Kwa hiyo mtu aliyejaribu kupakua dawa alizimiwa kompyuta akiwa hajafika hata nusu. Waliojua walifungua sehemu ya kuandika amri, wakaandika haraka:

```
shutdown -a
```

Amri hiyo husitisha saa ya kuzima. Hatua iliyofuata ilikuwa kuwasha ukutamoto uliokuja na Windows XP tangu 2001 lakini ukiwa umezimwa. Ukiwaka, poti ya 135 haifikiki tena kutoka nje, na maombi ya Blaster yanatupwa kabla hayajaifikia RPC. Hapo ndipo ulipatikana utulivu wa kupakua kiraka, kisha antivirusi ikaja mwisho kulifuta `msblast.exe` kama lilikuwa limeshaingia. Aliyegeuza mpangilio, akaanza na antivirusi, alilifuta faili na kuambukizwa tena akiwa bado ameketi pale pale, kwa kuwa kasoro ilikuwa wazi na hodi hazikukoma. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 2004, Microsoft ilitoa toleo la pili la masasisho makubwa ya XP ambalo ukutamoto wake huwaka wenyewe, na tangu hapo Windows huja hivyo.

Fungua leo kompyuta yenye Windows 10 au 11, uandike amri hii:

```
netstat -ano | findstr LISTENING
```

Katika orodha itakayotokea utaiona `0.0.0.0:135`, na mara nyingi `:445` pia. Poti ile ile ya Blaster bado inasikiliza, na ya pili ndiyo iliyotumiwa na mdudu WannaCry tarehe 12 Mei 2017, siku 59 baada ya kiraka chake kutolewa, akafunga mafaili kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 na kudai dola 300 kwa kila moja. Poti hizo hazikuondolewa kwa sababu Windows yenyewe inazihitaji. Kinachomzuia mtu wa nje asizifikie ni ukutamoto.

Hodi zenyewe ni nyingi kuliko mtu anavyodhani. Anwani zote za IP za mfumo wa zamani, ule wa toleo la nne, ni 4,294,967,296. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwa programu yao ya ZMap kwamba kompyuta moja yenye intaneti ya gigabiti moja inaweza kubisha hodi kwenye poti moja ya anwani hizo zote kwa muda usiozidi dakika 45. Asiwepo mtu wa kudhani kwamba kompyuta yake ni ndogo mno au iko mbali mno kuweza kutafutwa. Hakuna anayemtafuta yeye. Anayebisha anapita nyumba zote.

Pamoja na wingi huo, kazi ya ukutamoto ni rahisi, na ndiyo maana haihitaji malipo ya kila mwaka. Swali lake ni moja: ujumbe huu ni jibu la kitu ambacho kompyuta hii ilikiomba? Kama siyo, na hakuna ruhusa maalumu, unatupwa. Haujali kama mtumaji ni Blaster, WannaCry, au mdudu atakayeandikwa wiki ijayo. Hauhitaji kumjua. Hodi ziwe kumi kwa siku au elfu kumi, kanuni ni ile ile, na wala haizeeki.

Udhaifu wake umo ndani ya kanuni hiyo hiyo. Andika:

```
netsh advfirewall show allprofiles
```

Kwenye mstari wa `Firewall Policy` utakuta maneno `BlockInbound,AllowOutbound`. Maana yake: kinachojiingiza chenyewe kizuiwe, kinachotoka kiruhusiwe. Ukifungua tovuti, kompyuta yako ndiyo iliyoomba, basi chochote kitakachokuja kama jibu kinapita, pamoja na faili lenye virusi ulilobofya ulipakue. Na virusi hivyo vikishawaka ndani na kutaka kupeleka manenosiri yako kwa bwana wao, vinatoka kwa poti ya 443, ile ile inayotumiwa na kivinjari, vikiwa vimefungwa kwa msimbo kama ukurasa wa benki. Kwa mpangilio wa kawaida wa Windows, ukutamoto unaviangalia vikipita.

Hapo ndipo kazi ya antivirusi inapoanza, na hesabu yake ni ngumu zaidi. Maabara ya AV-TEST ya Ujerumani husajili kila siku programu mpya zaidi ya 450,000, za kuhujumu na zile zisizotakiwa. Gawa kwa sekunde 86,400 za siku: zinapita 5 kila sekunde. Nyingi ni nakala zilizobadilishwa kidogo za programu zile zile, zimebadilishwa makusudi ili zisifanane na zilizokwisha kujulikana. Tuseme antivirusi yako inazinasa asilimia 99.9. Ni alama ya juu sana, lakini bado zinabaki 450 kwa siku zisizotambuliwa. Wala haiwezi kujikaza tu na kukataa kila kinachotia shaka. Kompyuta ya nyumbani yenye mafaili 300,000, ikiwa antivirusi inakosea mara moja kwa kila 10,000, itayafuta mafaili 30 yasiyo na hatia, na mojawapo likiwa la Windows yenyewe, kompyuta haiwaki tena. Kwa hiyo ukutamoto hufuata kanuni, na antivirusi hutoa hukumu. Hukumu inahitaji habari mpya kila siku, na wakati mwingine inakosea upande huu au ule.

Mahali ambapo antivirusi haina mbadala, hasa kwetu Afrika Mashariki, ni kwenye flashi. Unaipeleka stationari kuchapisha barua, unarudi nyumbani, unaichomeka, na mafolda yote yamegeuka kuwa vijialama vya njia ya mkato vyenye mshale mdogo pembeni. Mafolda halisi yapo, yamefichwa tu. Ukibofya kijialama, kinafanya mambo mawili kwa mpigo: kinaendesha hati iliyojificha kwenye flashi, kisha kinakufungulia folda ulilotaka ili usishtuke. Kuanzia hapo kila flashi itakayochomekwa kwenye kompyuta hiyo inaambukizwa. Katika safari yote hiyo, kutoka stationari hadi kwako, hakuna hata pakiti moja ya mtandao iliyosafiri. Ukutamoto hauna cha kuzuia, uwe wa bure au wa gharama kubwa. Antivirusi ndiyo inayoitambua hati ile inapotaka kusomwa. Ikishaiondoa, mafaili yaliyofichwa unayarudisha kwa amri hii, E ikiwa herufi ya flashi yako:

```
attrib -h -r -s /s /d E:\*.*
```

Ukitaka kujionea mgawanyo huu kwa macho bila hatari, lipo faili la majaribio liitwalo EICAR, lenye herufi 68 tu, lisilodhuru, ambalo watengenezaji wa antivirusi wamekubaliana walichukulie kama virusi. Lipakue kutoka tovuti ya eicar.org. Ukutamoto utalipitisha, maana wewe ndiye uliyeliomba. Linapotaka kuandikwa kwenye diski, antivirusi inalikamata. Jaribio la upande wa pili linahitaji kompyuta nyingine iliyo kwenye waifai ile ile. Fungua PowerShell kwenye hiyo nyingine, ubadilishe anwani iwe ya kompyuta unayoipima:

```
Test-NetConnection 192.168.1.5 -Port 445
```

Kama kompyuta inayopimwa imeutambua mtandao huo kuwa wa `Public`, mstari wa `TcpTestSucceeded` utasema `False`. Ukibadilisha kuwa `Private` na ukaruhusu kushirikiana mafaili, jibu hugeuka kuwa `True`. Antivirusi haijaguswa katika majaribio yote mawili ya poti, na jibu limebadilika. Kwa hiyo ukiwa kwenye waifai ya gesti, chuo au hoteli, chagua `Public` bila kusita. Pale watu wa hatari hawako ng'ambo, wako chumba cha pili.

Hili linahitaji neno moja zaidi, kwa kuwa wengi wetu tunapata intaneti kwa modemu ya kampuni ya simu. Makampuni hayo mara nyingi huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Ukiingia kwenye ukurasa wa modemu na kuona anwani yake ya nje iko kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, uko katika hali hiyo, na hodi za kutoka intaneti pana hazikufikii hata kabla ya ukutamoto wako. Ni kinga nzuri iliyopatikana bila kukusudiwa. Haikukingi na kompyuta nyingine ya nyumbani iliyoambukizwa, wala huendi nayo unapohamia waifai ya jirani, wala haihusu anwani za toleo la sita ambazo makampuni yanaendelea kuzitoa. Ukutamoto wa kompyuta yenyewe usizimwe kwa kisingizio hicho.

Sasa gharama. Ukutamoto wa Windows ni shilingi 0. Antivirusi ya Microsoft Defender, iliyomo ndani ya Windows 10 na 11, nayo ni shilingi 0, na kwenye vipimo vya AV-TEST mara nyingi hupata alama 18 kati ya 18. Vifurushi vya kulipia vinavyouzwa kama ulinzi kamili hujumuisha antivirusi, ukutamoto na vikorokoro kadhaa. Kwa upande wa ukutamoto, unanunua kitu ambacho tayari unacho: kanuni ya kutupa kisichoombwa haiboreki kwa kulipiwa. Kuna watu ambao ukutamoto wa kulipia unawafaa, wale wanaotaka kuulizwa kila programu inapotaka kutoka nje. Lakini mtu anayeulizwa mara 40 kwa siku huishia kubofya ndiyo bila kusoma, na hapo kinga imekwisha.

Gharama halisi ya antivirusi ya bure ni bando. Kifurushi kizima cha orodha mpya ya Defender kinazidi megabaiti 100, ingawa masasisho ya kila siku kwa kawaida ni madogo kuliko hapo. Mtu anayehesabu megabaiti huiwekea intaneti yake alama ya kupimwa, au huzima masasisho yote. Siku 30 bila kusasisha, kwa hesabu ya 450,000 kwa siku, ni programu 13,500,000 ambazo orodha iliyo kwenye diski yake haijazisikia. Unaweza kujua ulipo kwa kuandika kwenye PowerShell:

```
Get-MpComputerStatus
```

Tafuta mstari wa `AntivirusSignatureAge`. Namba iliyo hapo ni umri wa orodha kwa siku. 0 au 1 ni sawa. Ukiona 45, una antivirusi iliyowaka na isiyojua habari za mwezi mmoja na nusu uliopita. Katika mstari wa `RealTimeProtectionEnabled` panatakiwa kusomeka `True`.

Panaposomeka `False`, sababu ya kawaida ninayoifahamu ni programu zilizovunjwa leseni. Maelekezo ya kuziweka huanza karibu kila mara kwa sentensi moja: zima antivirusi kwanza. Baadhi ya vizimaji vya leseni vinavyokuja nazo havina kingine ndani, vingine vina Trojani ya kuiba manenosiri, na mtumiaji hana njia ya kuvitofautisha kwa sababu amekizima kile kitu pekee ambacho kingemwambia. Ukutamoto hauwezi kuokoa hapo. Faili aliliomba mwenyewe, na data inayoibwa inatoka kwa njia inayoruhusiwa. Naliona hili kuwa hatari kubwa kuliko wadudu wote wanaobisha hodi kutoka nje, maana wale angalau wana kanuni ya kuwatupa.

Ipo hasara nyingine ambayo ukutamoto na antivirusi vyote viwili haviizuii. Kituo cha FBI kinachopokea malalamiko ya uhalifu wa mtandaoni nchini Marekani kiliandikisha malalamiko 880,418 mwaka 2023. Kati yake, 298,878 yalikuwa ya watu kurubuniwa kwa ujumbe na kurasa za uongo watoe siri zao, na 2,825 ndiyo yalihusu programu za kufunga mafaili na kudai fidia. Kwa kila lalamiko moja la fidia kulikuwa na zaidi ya 100 ya kurubuniwa. Ukurasa wa uongo wa benki hauna faili la kuchunguzwa wala haubishi hodi. Unaufungua mwenyewe na kuandika nenosiri kwa vidole vyako. Vivinjari huonya juu ya baadhi ya kurasa hizo zikishajulikana, na kithibitisho cha pili cha kuingilia husaidia, lakini hilo ni somo lingine lenye zana zake.

Kwa mwenye kompyuta moja nyumbani, basi, uamuzi wa fedha ni huu. Chukua mfano wa leseni ya antivirusi ya shilingi za Tanzania 60,000 kwa mwaka: kwa miaka minne ni 240,000. Linganisha na bei ya diski ya nje ya kuwekea nakala za mafaili yako katika duka la karibu nawe, ambayo unailipa mara moja. Antivirusi ikikosa faili moja la kufunga mafaili, leseni ile haitakurudishia hata picha moja. Diski yenye nakala, iliyochomolewa baada ya kunakili ili isifungwe pamoja na kompyuta, itakurudishia zote. Kama una fedha ya kimojawapo, acha Defender na ukutamoto wa Windows vikiwa vimewaka, tenga bando la masasisho, na ununue diski.